Szkoła, szkoły, szkole: kwa nini maneno ya Kipolandi hubadilika mwisho

Wiki mbili zilizopita tulipokea picha kwenye simu ya studio. Ilitoka kwa msikilizaji wetu mmoja, fundi baiskeli, ambaye mdogo wake wa kike yuko Poland, katika mji wa Łódź. Binti huyo anasoma kozi ya lugha ya mwaka mmoja kabla ya kuanza masomo ya chuo. Kozi hiyo ina mtihani mwishoni, na asipoufaulu hawezi kuingia darasani pamoja na Wapolandi, maana huko atafundishwa kwa Kipolandi.

Picha ilikuwa ya karatasi ya mazoezi. Sentensi nane, kila moja ina nafasi ya kujaza, na mwalimu ameweka alama kwa kalamu nyekundu: mbili kati ya nane. Kaka mtu aliandika hivi: "Anasema maneno yote anayajua. Anajua shule, posta, maziwa, sukari. Sasa anakosea nini? Naombeni mumsaidie, amekata tamaa."

Sisi wenyewe si wataalamu, kwa hiyo tulimtafuta mzee mmoja wa hapa mkoani, mhandisi mstaafu, aliyesoma Poland ujanani na kujifunza lugha huko huko Łódź. Mji huo una kituo cha chuo kikuu kinachofundisha wageni Kipolandi tangu 1952, na wanafunzi wengi kutoka Afrika wamepitia hapo. Tulimwamkia, tukampa ile karatasi, akaiangalia kwa muda kisha akacheka kidogo. "Huyu mwanangu hajakosea mara sita," alisema. "Amekosea mara moja, kisha akarudia." Tulikaa naye jioni nzima, na haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Karatasi yenyewe

Tuiweke hapa kama ilivyo. Neno lililo kwenye mabano ndilo linalotakiwa kujazwa, baada ya kulibadilisha inavyostahili. Pembeni ni jibu alilolitoa binti.

1. Jestem z … (Tanzania): Tanzanii. Sahihi.
2. Moja koleżanka mieszka w … (Warszawa): Warszawy. Kosa.
3. Idę do … (szkoła): szkoły. Sahihi.
4. Jestem w … (szkoła): szkoły. Kosa.
5. Idę na … (poczta): poczty. Kosa.
6. Jestem na … (poczta): poczty. Kosa.
7. Piję kawę z … (mleko): mleka. Kosa.
8. Piję herbatę bez … (cukier): cukiera. Kosa.

Kwa Kiswahili sentensi hizo ni: natoka Tanzania; rafiki yangu anaishi Warsaw; naenda shuleni; niko shuleni; naenda posta; niko posta; nakunywa kahawa yenye maziwa; nakunywa chai bila sukari.

Angalia majibu yake kwa makini. Warszawa imekuwa Warszawy, szkoła imekuwa szkoły mara zote mbili, poczta imekuwa poczty mara zote mbili. Binti alikwishajifunza kwamba baada ya maneno madogo kama z, do, w na na, neno hubadilika mwisho. Akashika badiliko moja, akalitumia kila mahali, kama mtu anayetoa dawa moja kwa kila ugonjwa. Ukiona karatasi ya mwanafunzi ina mwisho wa aina moja baada ya kila kihusishi, ujue tatizo ni hilo. Hajakosa msamiati.

Kiswahili chetu kinavyotudanganya

Kwa nini mtu wetu akosee hivyo? Tuanze nyumbani. Sisi husema: niko shuleni, naenda shuleni, natoka shuleni. Neno "shuleni" halibadiliki. Ile "-ni" ya mwisho inatosha kwa kukaa, kwa kwenda na kwa kutoka. Kinachomwambia msikilizaji kama unakwenda au unatoka ni kitenzi.

Mpolandi hasemi hivyo. Yeye husema:

Jestem w szkole. Niko shuleni.
Idę do szkoły. Naenda shuleni.
Wracam ze szkoły. Narudi kutoka shuleni.

Kitenzi kimebadilika, kihusishi kimebadilika, na mwisho wa neno "szkoła" nao umebadilika. Kazi ambayo sisi tumemwachia kitenzi, wao wamewagawia watatu. Mtu aliyezoea "-ni" moja anatafuta mwisho mmoja wa mahali, na akiupata anaona kazi imekwisha.

Kuna jambo la pili, na hili mzee alilionyesha kwa kidole kwenye sentensi ya kwanza. Jina la nchi yetu lina mtego. Kwa Kipolandi husemwa: z Tanzanii, kutoka Tanzania, do Tanzanii, kwenda Tanzania, w Tanzanii, ndani ya Tanzania. Mara zote tatu ni Tanzanii. Na mji anaoishi binti una mtego ule ule: z Łodzi, do Łodzi, w Łodzi. Sentensi mbili anazozisema kila siku anapojitambulisha, "Jestem z Tanzanii, mieszkam w Łodzi", zinamwonyesha kwamba baada ya z na baada ya w mwisho ni ule ule. Sivyo. Ni maneno hayo mawili tu yaliyotokea kufanana.

Mganda angeligundua hili mapema. Yeye husema z Ugandy, kutoka Uganda, lakini w Ugandzie, ndani ya Uganda. Mnyarwanda vile vile: z Rwandy, w Rwandzie. Tofauti inaonekana waziwazi. Kwa Mtanzania na Mkenya imejificha, maana Kenia nayo ni z Kenii na w Kenii.

Kila kihusishi kina mwenzake

Kipolandi kina maumbo saba ya nomino, na kila moja lina jina lake. Karatasi za mazoezi huyaandika kwa vifupisho: M., D., C., B., N., Msc. na W. Mwanafunzi akiyaona yote saba kwa mpigo hutishika. Karatasi hii inahitaji manne tu, na tutayachukua moja moja.

Kabla ya hapo, tujibu swali la msingi: kwa nini kihusishi kinalazimisha mwisho wa neno? Mzee alitukumbusha jambo tunalolifanya bila kufikiri. Sisi husema "juu ya meza", lakini "karibu na meza". Hatusemi "juu na meza", wala "karibu ya meza". Nani alipanga hivyo? Hakuna anayeuliza, "juu" imechagua "ya", na "karibu" imechagua "na". Kipolandi ni hivyo hivyo, ila mwenzake kihusishi hakai katikati kama neno la pekee. Anakaa mwishoni mwa nomino.

Hali hiyo ina historia. Katika lugha ya kale iliyozaa Kipolandi, mwisho wa neno ungeweza kuonyesha peke yake kama kitu ni mahali, ni chombo, au ni kitu kinachotendewa. Vihusishi vilikuja kusaidia, ili kufafanua zaidi: ndani, juu, mpaka, kutoka. Vikazoeleka, lakini mwisho wa neno haukuondoka. Mpaka leo baadhi ya miisho husimama bila kihusishi. "Jadę autobusem" maana yake ni naenda kwa basi, na hakuna neno la "kwa" hapo. "-Em" ya mwisho ndiyo "kwa" yenyewe. Ila umbo la mahali, wanaloliita miejscownik, siku hizi halisimami kamwe bila kihusishi.

Sasa tuyachukue yale manne.

La kwanza: dopełniacz, yaani D.

Hili ndilo binti alilolishika. Linakuja baada ya do, kwenda hadi. Baada ya z likiwa na maana ya kutoka. Na baada ya bez, bila. Maneno yanayoishia na "-a" kwa kawaida hupata "-y" au "-i": do szkoły, z Warszawy, z Tanzanii. Kwa hiyo namba 1 na namba 3 alipata.

Namba 8 nayo ni ya umbo hili, maana ina bez. Hapa binti alichagua umbo sahihi, lakini akakosea kulitengeneza. Aliandika cukiera, jibu ni cukru. Kuna mambo mawili. Kwanza, ile "e" ya cukier ipo kusaidia ulimi, kwa kuwa "cukr" ni gumu kutamka peke yake. Ukiongeza mwisho wenye irabu, msaada hauhitajiki tena, na "e" inaondoka. Pili, maneno ya kiume ya vitu visivyo hai hupata "-u" au "-a", na hakuna kanuni inayotosha kukuambia ni ipi. Sukari ni cukru, nyumba ni domu, lakini mkate ni chleba na jibini ni sera. Hayo hujifunzwa neno kwa neno, na kamusi nzuri huonyesha.

La pili: miejscownik, yaani Msc.

Hili ni umbo la kukaa mahali. Linakuja baada ya w, ndani, na baada ya na pale ambapo mtu au kitu kimetulia. Namba 2, 4 na 6 zote zinalihitaji. Majibu ni w Warszawie, w szkole, na poczcie.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hulalamika, maana habadiliki mwisho peke yake. Hata konsonanti ya kabla yake inabadilika. Szkoła ina ł, inayosomeka kama "w" yetu, lakini szkole ina l ya kawaida. Poczta ina t, lakini poczcie ina "ci", inayosomeka karibu na "ch" yetu. Uganda ina d, lakini Ugandzie ina "dzi", sauti iliyo jirani na "j".

Je, hilo ni la ajabu? Fikiri kidogo. Anayelinda ni mlinzi. Anayependa ni mpenzi. Anayefuata ni mfuasi. Anayepika ni mpishi. "D" imekuwa "z", "t" imekuwa "s", "k" imekuwa "sh", na kila mara ni kwa sababu ya "i" iliyokuja mwishoni. Ulimi unapojiandaa kutamka "i", unapanda juu mapema na kuibadili konsonanti. Ule mwisho wa "-e" wa miejscownik nao tangu zamani ulikuwa na tabia hiyo ya kuinua ulimi. Kwa hiyo mtu anayesema "mlinzi" badala ya "mlindi" anayo tayari masikio ya kusikia Uganda ikigeuka Ugandzie. Hata neno la duka la dawa, apteka, huwa w aptece, ambapo k imekuwa c, inayosomeka "ts".

Si maneno yote yanayopata "-e". Dom, nyumba, ni w domu. Bank ni w banku. Lakini kwa maneno mengi ya karatasi za mwanzo yanayoishia na "-a", kumbuka "-e" yenye kulainisha, na utapata mengi.

La tatu: biernik, yaani B.

Sasa namba 5. "Idę na pocztę", naenda posta. Namba 6 ni "Jestem na poczcie", niko posta. Kihusishi ni kile kile, na. Mwisho wa neno si ule ule. Kwa nini?

Kwa sababu kihusishi na kinabeba mambo mawili. Kukiwa na utulivu, kinachukua miejscownik. Kukiwa na mwendo wa kufika mahali hapo, kinachukua biernik, ambalo kwa maneno ya "-a" huishia na "-ę".

Mzee alitupa mfano ambao tuliucheka studio nzima. "Kot skacze na stole" maana yake paka yuko juu ya meza na anarukaruka hapo hapo. "Kot skacze na stół" maana yake paka alikuwa chini, sasa anarukia mezani. Paka ni yule yule, kitenzi ni kile kile, kihusishi ni kile kile. Mwisho wa neno "meza" peke yake ndio unaokuambia paka alianzia wapi. Kwa Kiswahili tunasema "anaruka juu ya meza" na kumwacha msikilizaji akisie, au tunabadili kitenzi na kusema "anarukia". Mpolandi hawezi kukwepa kuchagua.

Swali linabaki: kwa nini posta inatumia na, wakati shule inatumia w na do? Hilo ni la mazoea. Posta, kituo cha treni na uwanja wa ndege hutumia na. Shule, duka, benki na duka la dawa hutumia w na do. Kwa hiyo ukijifunza jina la mahali, lichukue pamoja na safari yake nzima. Ziko safari mbili:

do szkoły, w szkole, ze szkoły;
na pocztę, na poczcie, z poczty.

Kwenda, kukaa, kurudi. Usizichanganye, mahali panapotumia na wakati wa kukaa patatumia na wakati wa kwenda. Kurudi ni z kwa zote mbili. Ile ze ni z iliyoongezewa "e" ili isigongane na konsonanti za szkoły.

La nne: narzędnik, yaani N.

Namba 7 ndiyo iliyomponza binti bila yeye kujua. Aliona z, akakumbuka "z Tanzanii", akaandika mleka. Lakini z ina maana mbili: kutoka na pamoja na. Ikiwa ni kutoka, inachukua dopełniacz. Ikiwa ni pamoja na, inachukua narzędnik. Kahawa haitoki kwenye maziwa. Ina maziwa ndani yake. Kwa hiyo ni kawa z mlekiem.

Neno z mleka lipo, na ni sahihi mahali pake. "Ser z mleka" ni jibini iliyotengenezwa kwa maziwa. Ukiagiza "kawa z mleka" mhudumu ataelewa na kukuletea kahawa yako, lakini kwa masikio yake umeagiza kahawa iliyotengenezwa kutokana na maziwa.

Namna ya kuijaza karatasi

Mzee alisema yeye enzi zake aliokolewa na zoea moja: kabla ya kuandika jibu, andika swali. Kila umbo lina swali lake, na shule za Poland huwafundisha watoto wao maswali hayo hayo. Kwa vitu, dopełniacz huulizwa "czego?", biernik "co?", narzędnik "z czym?" na miejscownik "o czym?".

Kwa hiyo unapoona nafasi tupu, usikimbilie neno la kwenye mabano. Tazama kwanza kihusishi. Kama ni do au bez, andika D. juu ya nafasi na usonge mbele. Kama ni w mbele ya mahali unapokaa, andika Msc. Kama ni na, rudi kwenye kitenzi: "jestem" na "mieszkam" ni utulivu, andika Msc.; "idę" na "jadę" ni mwendo, andika B. Kama ni z, jiulize kwa Kiswahili: ni kutoka, au ni pamoja na? Kutoka ni D., pamoja na ni N. Ukimaliza kuweka herufi kwenye sentensi zote ndipo urudi juu kutengeneza miisho.

Faida ya kugawa kazi hivyo ni kwamba ukikosea utajua umekosea wapi. Mtu aliyeweka D. penye Msc. hajaelewa kihusishi. Mtu aliyeweka D. kwa usahihi akaandika cukiera ameelewa kihusishi, ila hajui neno hilo linavyobadilika. Ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake. La kwanza linarekebishwa kwa siku chache. La pili ni la kukariri taratibu, neno kwa neno.

Tulirekodi maelezo ya mzee kwa sauti na kuyatuma kwa kaka mtu, naye akayapeleka Łódź. Jumamosi jioni ilirudi picha nyingine. Ni sentensi nane zile zile, zimeandikwa upya kwenye ukurasa wa daftari, na juu ya kila nafasi kuna herufi ndogo ya penseli: D., Msc., D., Msc., B., Msc., N., D. Zote nane ziko mahali pake. Majibu saba ni sahihi. La nane ameandika cukieru: amepata "-u", lakini ile "e" amesahau kuiondoa.

Mzee alipoiona alisema hilo si neno, ni sukari tu, litayeyuka.